Kupima kasi ya maji kupenya ardhini kwa pete mbili ili kuchagua njia ya kumwagilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kipimo cha pete mbili kinapima nini hasa?

Pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, hushindiliwa ardhini na kujazwa maji, kisha unapima jinsi maji yanavyoshuka. Kinachopimwa ni kina cha maji ambacho udongo unaweza kumeza kwa kila saa, kikihesabiwa kwa milimita. Udongo mkavu huanza kwa kunywa maji kwa pupa, kisha kadiri unavyolowa ndivyo kasi inavyopungua, mpaka inafika mahali haipungui tena. Kasi hiyo ya mwisho, ambayo haibadiliki hata ukiendelea kupima, ndiyo inayoitwa kasi ya msingi, na ndiyo tarakimu inayotafutwa kwa ajili ya kuchagua njia ya kumwagilia. Tarakimu za dakika za mwanzo nazo zina kazi yake, hasa kwa mkulima wa mifereji, lakini mtu anayezichukua peke yake na kununua vinyunyizio kwa kuzitegemea atauona udongo wake ukitoa maji juu badala ya kuyameza.

Udongo wangu naujua ni mfinyanzi. Kwa nini nisitumie jedwali la aina za udongo badala ya kuhangaika na pete?

Majedwali yapo, na yanasaidia kukisia. Miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hutoa kasi ya msingi ya zaidi ya milimita 30 kwa saa kwa kichanga, 20 hadi 30 kwa tifutifu ya kichanga, 10 hadi 20 kwa tifutifu, 5 hadi 10 kwa tifutifu ya mfinyanzi, na 1 hadi 5 kwa mfinyanzi. Tatizo ni kwamba majedwali haya yanaangalia ukubwa wa chembe peke yake, ilhali maji hayapiti katikati ya chembe mojamoja tu. Yanapita pia katika nafasi zilizo kati ya mabonge madogo ya udongo, katika njia za mizizi na katika vijitundu vya wadudu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika maeneo yetu. Udongo mwekundu unaotokana na miamba ya volkano, kama ule wa miteremko ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya, una mfinyanzi mwingi, lakini umejigawa katika mabonge madogo imara ambayo hayavunjiki kirahisi yakilowa, kwa hiyo unaweza kupitisha maji vizuri kuliko jedwali linavyotabiri. Shuka hadi tambarare zilizo chini yake, kwenye udongo mweusi wa mbuga kama ule wa mashamba ya mpunga ya Mwea, nako utakuta mfinyanzi mwingi vilevile, ila huo huvimba ukilowa na kujifunga, kiasi kwamba maji hubaki juu kwa siku kadhaa. Kwenye jedwali udongo wote wawili unaandikwa mfinyanzi, lakini njia ya kumwagilia inayoufaa mmoja haiufai mwingine.

Kwa nini pete ziwe mbili? Moja haitoshi?

Ukiweka pete moja tu, maji yakishapita ukingo wa chini wa pete yanatawanyika pembeni kwenye udongo mkavu, na wewe unayahesabu kana kwamba yote yamekwenda chini. Matokeo yanakuwa makubwa kuliko ukweli. Pete ya nje inalowesha ukanda unaoizunguka pete ya ndani, ili maji ya ndani yasipate mahali pakavu pa kukimbilia pembeni na yalazimike kushuka wima. Ndiyo maana vipimo vinasomwa katika pete ya ndani peke yake, na ndiyo maana kina cha maji katika pete zote mbili lazima kiwe sawa wakati wote. Maji ya ndani yakiwa juu zaidi yatasukumana kuelekea nje na kasi itaonekana kubwa. Ya nje yakiwa juu, yataingia ndani kwa chini na kasi itaonekana ndogo, pengine hata sifuri.

Vifaa gani vinahitajika, na je, fundi wa kawaida anaweza kuvitengeneza?

Anaweza. Pete ya ndani iwe na kipenyo cha sentimita 30 na ya nje sentimita 60, zote ziwe na kimo cha sentimita 25 hadi 30. Fundi wa kuchomelea atakata bati la chuma la unene wa milimita 2 hadi 3, lenye urefu wa sentimita 94 kwa pete ya ndani, alikunje na kuunga ncha, kisha anoe ukingo wa chini kwa upande wa nje. Kwa pete ya nje, pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa linafaa, kwa kuwa kipenyo chake kinakaribia sentimita 57, ingawa ukingo wake ni mwembamba na unahitaji kupigwa kwa uangalifu usipinde.

Zaidi ya hapo unahitaji nyundo nzito, kipande cha mbao imara cha kuwekwa juu ya pete wakati wa kupiga, pimamaji ya fundi mwashi, rula ya milimita, saa, gunia, ndoo, na jagi lenye alama za mililita. Maji yaandaliwe yasiyopungua lita 100, na kwenye kichanga ni salama zaidi kuwa na pipa zima la lita 200. Yawe maji yaleyale utakayomwagilia. Maji ya mto yenye tope huziba vijitundu vya udongo, na maji yenye chumvi hubadilisha jinsi mfinyanzi unavyoshikana, kwa hiyo kupima kwa maji safi ya bomba na kumwagilia kwa maji ya kisima chenye chumvi ni kupima udongo mmoja na kulima mwingine.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Chagua mahali palipo sawa na hali ya shamba wakati wa kumwagilia: pasiwe kwenye njia ya ng'ombe, wala penye kichuguu, wala kwenye alama ya gurudumu la trekta. Kata majani kwa kisu bila kung'oa mizizi, na usisawazishe ardhi kwa jembe, kwa sababu sentimita chache za juu ndizo zenye uamuzi mkubwa. Weka pete ya ndani, laza mbao juu yake, na uipige polepole huku ukizungusha mbao ili pete ishuke sawasawa, mpaka izame kiasi cha sentimita 15. Pete ya nje nayo ishindiliwe hivyohivyo, ikiwa imeizunguka ya ndani kwa nafasi sawa pande zote. Hakikisha kwa pimamaji kwamba pete hazijainama. Ukiona mwanya kati ya chuma na udongo, ushindilie kwa kidole kwa udongo mkavu wa palepale.

Tandika gunia ndani ya pete ya ndani, mimina maji juu yake, kisha liondoe. Hili watu wengi huliruka, na ndilo linaloharibu vipimo vingi bila wao kujua: maji yakimwagwa kutoka kwenye ndoo moja kwa moja hutibua udongo, chembe laini huelea, na zikitulia hutengeneza utando mwembamba unaozuia maji. Jaza pete zote mbili kwa wakati mmoja mpaka kina cha sentimita 7 hadi 10, na uanze kuhesabu muda.

Soma kina kila baada ya dakika chache mwanzoni, kisha kila dakika 10, baadaye kila dakika 30. Kila ukisoma, rudisha maji kwenye alama ya mwanzo na usawazishe ya nje. Usiache kina kishuke chini ya sentimita 5. Endelea mpaka vipindi viwili au vitatu vinavyofuatana vyenye urefu sawa vitoe upungufu ule ule. Kwenye tifutifu kazi hii huchukua kama saa 2 hadi 4, na kwenye mfinyanzi mzito zaidi ya hapo.

Naomba mfano wa tarakimu na jinsi ya kuzihesabu.

Tuchukue shamba la mfano la vitunguu kwenye tifutifu. Safu ya pili ni milimita zilizozama katika kipindi hicho. Safu ya tatu ni jumla tangu mwanzo. Na ya nne ni kasi, inayopatikana kwa kuzidisha milimita za kipindi kwa 60 na kugawanya kwa dakika za kipindi.

| Kipindi (dakika) | Zilizozama (mm) | Jumla (mm) | Kasi (mm kwa saa) |
|---|---|---|---|
| 0–5 | 9 | 9 | 108 |
| 5–10 | 6 | 15 | 72 |
| 10–20 | 9 | 24 | 54 |
| 20–30 | 7 | 31 | 42 |
| 30–45 | 8 | 39 | 32 |
| 45–60 | 7 | 46 | 28 |
| 60–90 | 12 | 58 | 24 |
| 90–120 | 10 | 68 | 20 |
| 120–150 | 9 | 77 | 18 |
| 150–180 | 9 | 86 | 18 |

Kasi ya msingi hapa ni milimita 18 kwa saa. Angalia kwamba aliyeacha kupima baada ya nusu saa angeandika 42, zaidi ya mara mbili ya ukweli, na angeondoka shambani akiwa na uhakika kamili.

Sasa hiyo 18 inaniambia nitumie njia gani?

Tuanze na vinyunyizio, kwa sababu hapo kanuni haina utata: kasi ya mvua ya kinyunyizio lazima iwe ndogo kuliko kasi ya msingi. Kasi hiyo hupatikana kwa kugawanya lita zinazotoka kwa saa kwa eneo ambalo kila kinyunyizio kinahudumia. Kinyunyizio cha lita 1,500 kwa saa kilichopangwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kinatoa 1,500 ÷ 144, yaani milimita 10.4 kwa saa, na udongo wetu unazimeza bila shida. Kikubwa cha lita 3,600 kwa nafasi hiyohiyo kinatoa milimita 25, na maji yatatiririka. Ukikipanga mita 12 kwa 18, kama mtupo wake unafika, kinashuka hadi 16.7, ambayo iko chini ya 18 kwa tarakimu lakini mimi nisingeikubali. Matone yakidondoka kwenye ardhi isiyo na mimea hupondaponda udongo wa juu na kuuziba, jambo ambalo pete haikuliona kwa kuwa ndani yake maji yalitulia. Shamba lenye mteremko linahitaji nafasi ya usalama kubwa zaidi.

Kwa mifereji, tazama safu ya jumla. Tuseme mazao yanahitaji milimita 40 kwa zamu moja. Jumla ilifika 39 kwenye dakika ya 45, kwa hiyo milimita 40 zinahitaji kama dakika 47 za maji kukaa mahali pamoja. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba maji yafike mwisho wa mfereji katika robo ya muda huo, hapa kama dakika 12, ili kichwa cha mfereji kisinywe kupita kiasi wakati mkia unasubiri. Panda vijiti kila mita 10, fungulia maji kwa kiasi utakachotumia bila kumomonyoa udongo, na uone yamefika wapi dakika ya 12. Yakifika mita 60, huo ndio urefu wa kuanzia. Nasema wa kuanzia kwa sababu ndani ya mfereji maji hayafuniki eneo lote kama kwenye pete, tena yanapenya pembeni kwenda kwenye matuta, hivyo muda halisi hurekebishwa baada ya kuchimba na kuona unyevu umefika kina gani. Kadiri kasi ya udongo inavyopanda, mifereji inabidi iwe mifupi zaidi, na kwenye kichanga chenye kasi inayozidi 30 kwa mbali, mifereji inakuwa mifupi kiasi kwamba ni afadhali kuhamia vinyunyizio au umwagiliaji wa matone.

Kwa matone, hesabu inageuka. Dimbwi dogo chini ya kila tundu la mpira hupanuka mpaka eneo lake liweze kumeza kile kinachodondoka. Tundu la lita 2 kwa saa kwenye udongo wa 18 linahitaji eneo la mita za mraba 0.11, yaani duara la kipenyo cha kama sentimita 38. Kwenye kichanga cha 60 duara ni sentimita 21 tu, na ndiyo sababu kichanga hudai mipira yenye matundu ya karibukaribu. Kwenye mfinyanzi wa 2 duara lingezidi mita 1, maana yake madimbwi yataungana na kutiririka, na hapo unatafuta tundu linalotoa kidogo zaidi, au unamwagilia kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko.

Majaruba ya mpunga hayafai kabisa kwenye udongo huu kama ulivyo, kwani milimita 18 kwa saa ni milimita 432 kwa siku.

Udongo wetu ni mweusi wa mbuga. Nilipima kiangazi nikapata kasi kubwa mno. Nimekosea wapi?

Udongo huo ukikauka hupasuka, na mipasuko mingine huzama chini sana kupita ukingo wa pete. Maji uliyomimina hayakupenya udongo. Yalitumbukia kwenye ufa na kutoroka pembeni. Baada ya mfinyanzi kuvimba na ufa kujifunga, kasi inaweza kuanguka hadi milimita 1 kwa saa au chini yake. Tarakimu zote mbili ni za kweli kwa wakati wake: ya kwanza inaeleza kwa nini umwagiliaji wa mwanzo wa msimu hula maji mengi, na ya pili ndiyo ya kutumia kuchagua njia. Kwa hiyo lowesha eneo kwanza, uliache mpaka mipasuko ifunge, ndipo upime.

Kwa kasi ndogo namna hii rula haitoshi, kwa sababu milimita moja kwa saa huwezi kuiona katika dakika 30. Funga msumari kwenye kipande cha mbao kilicholazwa juu ya pete, ncha ikitazama chini na kugusa maji. Kila kipindi kikiisha, rudisha maji mpaka yaguse ncha tena, ukipima kwa jagi umeongeza mililita ngapi. Katika pete ya sentimita 30, mililita 71 ni sawa na milimita 1. Funika pete pia, maana juani maji yanayopotea hewani yanaweza kukaribia yale yanayopenya.

Na kwa mkulima wa mpunga, asidanganyike na udogo wa hiyo milimita 1. Kwa siku ni milimita 24, na kwenye ekari moja yenye mita za mraba 4,047 hizo ni lita 97,000 kila siku. Kuvuruga udongo kabla ya kupandikiza ndiko kunakoshusha upotevu huo hadi milimita chache kwa siku. Kwa sababu hiyo, anayepanga majaruba apime baada ya kuvuruga na udongo kutulia, na asome upungufu wa saa 24 badala ya wa saa moja.

Nitajuaje kwamba kipimo kimeharibika?

Dalili ya kwanza ni kasi inayopanda badala ya kushuka: mara nyingi maji yamepata njia kando ya chuma, au yamefungua tundu la mchwa au la mzizi uliooza. Ukiona unyevu unachomoza juu ya ardhi nje ya pete kubwa, pete haikuzama vya kutosha. Kasi inayoanguka ghafla hadi karibu sifuri kwenye udongo unaojulikana kupitisha maji huashiria utando wa tope, na ukiangalia vizuri utauona ukimeta chini ya maji.

Kuna tatizo jingine ambalo si kosa la mpimaji, na pete haiwezi kulitambulisha peke yake: tabaka gumu lililotengenezwa na plau kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30. Maji hupenya vizuri mpaka yalifikie, kisha kasi hushuka. Siku inayofuata chimba shimo kupitia katikati ya mahali ulipopima na utazame umbo la unyevu. Ukiona umeshuka kama gunia lililosimama, udongo ni mmoja mpaka chini. Ukiona umefika kina fulani ukatanda pembeni kwa mstari ulionyooka huku chini pakiwa pakavu, choma kisu hapo. Kikigoma kuingia, umelipata tabaka lenyewe. Kulivunja kunaweza kubadilisha kasi ya msingi, kwa hiyo usinunue vifaa kabla ya kulivunja na kupima upya.

Nipime sehemu ngapi?

Zisipungue 3 kwa kila aina ya udongo iliyomo shambani, na ziwe zaidi pale rangi au mteremko unapobadilika. Matokeo ya sehemu mbili zilizo jirani kutofautiana mara mbili ni jambo la kawaida. Tumia thamani ya katikati badala ya wastani, kwa sababu tundu moja la mchwa linatosha kuupandisha wastani wote. Kama ni vinyunyizio unavyopanga, ongozwa na sehemu yenye kasi ndogo zaidi inayoaminika, kwa kuwa hapo ndipo maji yataanza kutiririka.

Je, kipimo kinahitaji kurudiwa miaka inayofuata?

Kirudiwe pale jambo lililo juu ya ardhi au ndani yake linapobadilika: ukianza kutumia trekta zito, ukiacha kulima kwa plau, ukiweka samadi nyingi kwa misimu kadhaa, au ukibadilisha chanzo cha maji. Ndani ya msimu mmoja pia, ardhi iliyotoka kulimwa humeza maji haraka kuliko itakavyomeza baada ya kumwagiliwa mara kadhaa na kushikana. Ikiwa una nafasi ya kupima mara moja tu, subiri mpaka umwagiliaji wa pili au wa tatu upite.